Kufuta Kitu Pichani kwa GIMP: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Karibuni, vijana. Kipindi hiki ni kifupi, kwa hiyo tutashughulika na jambo moja tu: kuondoa kitu kisichotakiwa kwenye picha kwa kutumia GIMP, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti ikishasakinishwa kwenye kompyuta. Sitapitia kila chombo kilichomo. Nitafuata malalamiko yanayotolewa mara kwa mara na wanaoanza kazi hii, na kwa kila dalili nitataja kwanza sababu inayotokea zaidi, kisha zile za nadra, ili mjifunze kukagua vitu vyepesi kabla ya kuhangaika na vigumu.

Tutatumia picha moja ya mfano, tuipe jina la `mahafali.jpg`. Wahitimu wamesimama mbele ya darasa. Sehemu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya bluu, na chini ya ukuta kuna uwanja wa mchanga. Upande wa kulia, hatua chache kutoka kwa mhitimu wa mwisho, imesahauliwa ndoo nyekundu ya plastiki. Nusu yake ya juu imeziba ukuta wa bluu, nusu yake ya chini imeziba mchanga, na kivuli chake kimelala kwenye mchanga kuelekea kulia. Picha ina upana wa pikseli 4,000, na ndoo ina kimo cha pikseli 300 hivi.

Kabla ya dalili yoyote, shikeni jambo hili, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kulisahau. Kamera haikurekodi kilichokuwa nyuma ya ndoo. Hakuna ukuta uliofichwa ndani ya faili ukisubiri kufunuliwa, na zana tutakazozitumia leo hazijui ukuta ni nini wala mchanga ni nini. Zinanakili tu kipande kutoka mahali utakapoonyesha, yaani chanzo, na kukiweka mahali utakapopaka. Kwa hiyo ubora wa kazi unaamuliwa na mahali ulipochagua chanzo kuliko unavyoamuliwa na ustadi wa mkono wako.

Zana zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni `Clone`, yenye alama ya muhuri, ambayo huitwa kwa kubonyeza herufi C. Hiyo hunakili kipande kama kilivyo, rangi na yote. Ya pili ni `Heal`, yenye alama ya plasta ya kidonda, ambayo huitwa kwa herufi H. Hii nayo hunakili chembechembe za chanzo, lakini baada ya hapo hurekebisha rangi na mwanga wa kipande hicho ili kiungane na rangi zinazokizunguka pale kilipowekwa. Tofauti hii itaeleza karibu nusu ya matatizo tutakayoyaona.

Maandalizi ni machache. Fungua picha, kisha nenda `File`, `Save As`, na uihifadhi kwa jina `mahafali.xcf`, ili faili la asili lisiguswe. Baada ya hapo bonyeza Shift+Ctrl+D. Kwenye orodha ya matabaka, `Layers`, yataonekana matabaka mawili yanayofanana, moja juu ya jingine. Tutafanya kazi kwenye la juu peke yake. La chini libaki lilivyo, kwa sababu ndilo shahidi wetu wa jinsi picha ilivyokuwa.

## Ninapaka, lakini hakuna kinachobadilika

Sababu ya kwanza, na ndiyo inayowakuta karibu wote siku ya kwanza, ni kutoonyesha chanzo. Kishale huwa na alama ya kukatazwa kando yake, na ukijaribu kupaka utaona chini ya dirisha maneno `Set a source image first.` Shikilia kitufe cha Ctrl, bofya mara moja mahali unapotaka kunakili, kisha uachie Ctrl kabisa ndipo uanze kupaka. Mpangilio huo ni muhimu, kwa maana ukiendelea kushikilia Ctrl kila bofyo litabadilisha chanzo badala ya kupaka, na utadhani kipanya kimeharibika.

Sababu ya pili ni eneo lililochaguliwa bila kukusudia. Ukiwa umegusa chombo cha kuchagua hapo awali, huenda kuna kimraba kidogo cha vistari vinavyotembea mahali fulani pichani, pengine hata nje ya sehemu unayoitazama. Ikiwa hali ni hiyo, GIMP hukubali kupaka ndani ya kimraba hicho tu, na popote pengine brashi hupita bila kuacha alama. Bonyeza Shift+Ctrl+A ili kuondoa uchaguzi wote, kisha ujaribu tena. Msichanganye na Ctrl+A, ambayo huchagua picha nzima.

Sababu ya tatu ni ya hatari zaidi, kwa sababu kazi inafanyika ila huioni. Huenda umechagua tabaka la chini, na kila unachopaka kinaingia kwenye picha ya asili huku tabaka la juu likiifunika. Angalia orodha ya matabaka: lile lililokolezwa rangi ndilo linalopokea brashi. Ukigundua kwamba umekuwa ukipaka la chini, rudi nyuma kwa Ctrl+Z mpaka urekebishaji wote uishe, kisha ubofye tabaka la juu. Katika orodha hiyo hiyo, hakikisha kwamba tabaka la juu halijafungwa kwa alama ya kufuli la pikseli.

Mkiwa mmekagua hayo yote na `Heal` bado inagoma huku `Clone` ikifanya kazi, tazameni aina ya picha yenyewe. Baadhi ya picha za GIF na PNG huhifadhiwa kwa orodha ya rangi chache zilizopangwa, na `Heal` haiwezi kuzifanyia kazi. Ujumbe wake ni `Healing does not operate on indexed layers.` Nenda `Image`, `Mode`, uchague `RGB`, na tatizo litakwisha. Picha ya JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye simu au kamera haina shida hii.

## Badala ya ukuta, yanatokea maua au mbao

Hapa sababu ni moja. Katika mipangilio ya `Clone`, kuna mahali panapoitwa `Source`, penye chaguo mbili: `Image` na `Pattern`. Mtu aliyetumia kompyuta kabla yako ameacha `Pattern`, na sasa brashi inapaka mchoro uliohifadhiwa ndani ya programu. Rudisha kwenye `Image`, futa michoro kwa Ctrl+Z, na uonyeshe chanzo upya. Katika maabara ambako wanafunzi hupokezana kompyuta, ni busara kuikagua mipangilio hii kila mnapokaa, pamoja na `Opacity`, ambayo inapaswa kuwa 100. Ikiwa chini ya hapo, ndoo itabaki ikionekana kwa mbali kupitia ukuta uliopaka.

## Ndoo imefifia, lakini limebaki wingu jekundu

Hii ndiyo dalili itakayochukua muda wetu mwingi, kwa kuwa ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Mwanafunzi amesikia kwamba `Heal` ni chombo cha kuondoa vitu. Anachukua chanzo kwenye mchanga safi, anapaka juu ya ndoo, na anapoachia kipanya anaona mchanga wenye wekundu, kana kwamba rangi ya ndoo imeyeyuka. Anarudia, na wekundu unasambaa.

Chombo hakijakosea. Kumbukeni nilivyosema: `Heal` hurekebisha rangi ya kipande kipya ili kipatane na kinachokizunguka. Ukipaka katikati ya ndoo, ukingo wote wa alama ya brashi umezungukwa na plastiki nyekundu, kwa hiyo chombo kinauvuta mchanga wako uelekee wekundu ili uungane na ndoo. Ukipaka ukingoni mwa ndoo, upande mmoja wa alama unagusa wekundu na upande wa pili unagusa mchanga, na matokeo yake ni wingu linaloanza jekundu na kuishia rangi ya mchanga. Katika hali zote mbili chombo kimefanya hasa kile kilichoundwa kukifanya.

Ukaguzi mwepesi ni kujiuliza: brashi yangu inapoishia, inagusa nini? Jibu likiwa ni ndoo, badilisha chombo. Tumia `Clone` kwanza, ambayo haijali majirani, uifunike ndoo yote mpaka isibaki hata pikseli moja nyekundu, pamoja na mstari mwembamba wa wekundu unaobaki kwenye kingo. Kuza picha mpaka asilimia 200 ili uuone mstari huo. Hapo ndipo `Heal` inapopata nafasi yake: unaipitisha juu ya viungo vinavyoonekana kati ya viraka, mahali ambapo pande zote sasa ni mchanga. Kwa kitu kidogo kama punje ya vumbi au kipande cha karatasi kilicholala peke yake uwanjani, `Heal` inatosha tangu mwanzo, mradi brashi iwe pana kidogo kuliko kitu chenyewe ili ukingo wake uangukie kwenye mchanga mtupu.

Huenda unatumia `Clone` na wekundu bado unarudi. Basi tazama msalaba mdogo unaotembea pamoja na brashi yako, kwani huo ndio chanzo, nao unasogea kila unaposogea. Ukichukua chanzo pikseli 150 kushoto kwa ndoo na ukapaka kuelekea kulia kwa mkupuo mrefu, msalaba utaingia ndani ya eneo la ndoo lenyewe na kuanza kunakili kile unachojaribu kukiondoa. Paka kwa mikupuo mifupi, macho yakiwa kwenye msalaba kuliko yalivyo kwenye brashi. Chanzo kikikaribia ndoo, au mguu wa mhitimu, simama na uonyeshe kingine.

Sababu ya mwisho ni ugumu wa ukingo wa brashi. Brashi laini sana hupaka kwa nguvu katikati na kwa udhaifu pembezoni, hivyo pembeni mwa kila alama hubaki ndoo iliyofunikwa nusu. Brashi ngumu kabisa nayo huacha mduara unaoonekana. Katika orodha ya brashi iko moja iitwayo `2. Hardness 075`. Kwa ukuta na mchanga wa picha yetu ni mahali pazuri pa kuanzia, ikiwa na ukubwa wa pikseli 90 hivi, yaani chini ya theluthi moja ya kimo cha ndoo. Ukubwa hubadilishwa kwa vitufe vya [ na ].

## Mstari wa ukuta umekatika au umepinda

Tukirudi kwenye picha yetu, tatizo kubwa si mchanga wala rangi ya bluu. Ni ule mpaka ambapo bluu inaishia na mchanga unaanza, unaopita nyuma ya ndoo. Jicho la mtazamaji husamehe mchanga usiofanana kabisa, lakini mstari ulionyooka ukivunjika kwa pikseli 5 tu, kila mtu ataona kwamba hapo pameguswa.

Sababu ya kawaida ni mpangilio wa kazi. Watu huanza na maeneo makubwa, wakaacha mpaka hadi mwisho, na kufikia hapo hawana tena mahali pa kuuelekeza. Anza na mpaka. Kuza picha, weka kishale juu ya mpaka wenyewe, pale bluu inapogusana na mchanga, upande wa kushoto wa ndoo, na uonyeshe chanzo hapo kwa Ctrl. Kisha sogeza kishale kwenye mpaka huo huo mahali unapoingia nyuma ya ndoo, na uanze kupaka ukianzia juu ya mstari kabisa. Mshonaji hulinganisha mistari ya kitenge pande mbili za mshono kabla ya kuushona, na hapa ni vivyo hivyo: bofyo la kwanza likiwa sawa, mstari utaendelea sawa.

Kwa kazi hii, katika mipangilio ya `Clone` tafuteni `Alignment` na muibadilishe kutoka `None` kuwa `Aligned`. Ikiwa `None`, kila unapoachia kipanya na kubofya tena, kunakili kunaanza upya kwenye nukta ile ile ya mwanzo, na ni vigumu kuupata mstari mara mbili. Ikiwa `Aligned`, umbali kati ya chanzo na brashi unabaki ule ule hata ukipumzisha mkono, kwa hiyo ukishaulinganisha mara moja, mikupuo inayofuata inafuata mstari.

Mkifanya hivyo na mstari bado unateleza taratibu kwenda juu au chini, chunguzeni kama ukuta ulipigwa picha kwa pembeni. Ukuta unaokwenda mbali na kamera huonekana ukipanda au ukishuka, na mstari wake una mteremko. Mkilinganisha nukta mbili zilizo juu ya mteremko huo huo, kipande cha karibu kitakwenda vizuri, lakini kosa dogo hukua kadiri mnavyokwenda mbali. Dawa yake ni kufanya nusu ya mpaka kutoka kushoto na nusu nyingine kutoka kulia, mkikutana katikati ya mahali ndoo ilipokuwa, ambako kosa la pikseli 1 au 2 linaweza kufichwa.

Msijaribu kuuponya mpaka huo kwa `Heal`. Kiraka kikigusa bluu upande mmoja na mchanga upande mwingine, rangi hizo mbili zitavutana na mstari utayeyuka. Chombo hicho kitumike mbali na mpaka, angalau kwa upana wa brashi nzima.

## Mchanga umejirudia

Ndoo imeondoka, lakini nyayo ile ile inaonekana mara tatu, au kijiwe kimoja kimezaa ndugu wanne waliojipanga. Mara nyingi sababu ni kuchukua chanzo kimoja na kukitumia kwa eneo lote. Sababu inayofuata ni `Alignment` iliyobaki kwenye `None`, ambapo kila bofyo linapiga muhuri ule ule.

Rudi kwa Ctrl+Z hadi kabla ya marudio kuwa mengi, kisha ubadilishe chanzo kila baada ya mikupuo miwili au mitatu. Chagua mchanga usio na alama ya pekee. Nyayo, jani kavu au kifuniko cha chupa ni vibaya kama chanzo kwa sababu jicho huvikumbuka. Chukua pia chanzo kilicho kwenye kimo sawa na unapopaka, yaani kushoto au kulia, kuliko juu au chini. Mchanga ulio karibu na kamera una chembe kubwa na ulio mbali una chembe ndogo, hivyo mchanga wa mbele ukiwekwa nyuma utaonekana mgeni hata kama rangi yake inalingana. Jambo hilo hilo linahusu picha ambayo nyuma yake imefifia: chanzo chenye ukali uleule wa kuonekana ndicho kinachofaa.

## Kila kitu kimeondoka, lakini picha haionekani kweli

Kwanza tazameni kivuli. Wanaoanza huondoa ndoo na kuacha kivuli chake, na mtazamaji huona kivuli kisicho na mwenyewe. Kivuli kina ukungu kwenye kingo, na ukungu huo huenea zaidi ya unavyodhani. Kukifunika kwa `Clone` ni bora kuanzia nje ya ukungu, kuingia ndani. Kikiwa kimefika kwenye miguu ya mhitimu, funika sehemu iliyo wazi tu, na usiguse kivuli cha mhitimu mwenyewe, kwani huyo bado yupo.

Kisha tazameni mwanga. Ukuta mmoja huwa na mwanga tofauti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na bluu iliyochukuliwa mbali, karibu na kona yenye giza, itaonekana kama kiraka ikiwekwa mahali penye jua. Chukueni chanzo cha jirani. Tofauti ndogo inayobaki ndiyo kazi halali ya `Heal`, kwa brashi ndogo, katikati ya bluu.

Namna ya kukagua ni kupunguza picha hadi ionekane yote kwenye skrini, kisha kubofya alama ya jicho ya tabaka la juu, kuizima na kuiwasha. Ndoo itarudi na kuondoka. Ikiwa macho yako yanakimbilia mahali hapo hata ndoo ikiwa haipo, kuna kitu hakijakaa. Mwenzako ambaye hakuiona picha ya asili ni mkaguzi bora zaidi. Mwulize aonyeshe palipoguswa, bila kumdokezea ni upande gani.

## Kompyuta inakwama kila nikipaka

Punguza ukubwa wa brashi. `Heal` hufanya hesabu kwa eneo lote lililo chini ya brashi kila inapoacha alama, na brashi ya pikseli 400 inayoburutwa kwa muda mrefu inaweza kuifanya kompyuta ya zamani isimame kwa sekunde nyingi. Subiri imalize, usibofyebofye. Hifadhi kwa Ctrl+S kabla ya kuendelea.

## Nimemaliza, lakini simu haifungui picha, au ndoo imerudi

Simu ikikataa, huenda umetuma faili la `.xcf`. Hilo ni faili la kazi la GIMP, linalotunza matabaka, na programu nyingi za simu hazilijui. Ili kupata picha ya kutuma, nenda `File`, `Export As`, andika jina jipya kama `mahafali-safi.jpg`, na kwenye ubora uache 90.

Ndoo ikirudi kwenye picha uliyotoa, sababu ni alama ya jicho. Ulizima tabaka la juu ili kulinganisha, ukasahau kuliwasha, na JPEG hutengenezwa kutokana na kile kinachoonekana wakati huo. Liwashe, kisha utoe picha upya.

Mkiruka hatua ya kuhifadhi kama `.xcf`, kwenye menyu hiyo ya `File` mtaona pia maneno `Overwrite mahafali.jpg`. Msiyabofye. Maana yake ni kuandika kazi yenu juu ya picha ya asili, na huenda isibaki nakala yake nyingine.

## Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Ikiwa picha ya asili imefutwa kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu na hakuna nakala nyingine, acheni kuitumia kadi hiyo mara moja. Msipige picha mpya, msihamishie muziki, wala msikubali simu inapopendekeza kuipangilia upya. Mara nyingi data ya faili lililofutwa hubaki kwenye kadi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, hivyo kila picha mpya hupunguza uwezekano wa kuipata. Itoeni kadi na mpelekeeni fundi anayeokoa data, mkimweleza kilichotokea na ni wakati gani.

Ikiwa kitu kinachotakiwa kuondolewa kimeziba uso wa mtu, vidole, au nguo yenye mchoro unaojirudia kama kanga, ishieni hapo. Hakuna mchanga wala ukuta wa kunakili. Pua na jicho vilivyozibwa havipo popote kwenye picha hiyo. Mrekebishaji mzoefu wa studio anaweza kutumia picha nyingine ya mtu huyo huyo iliyopigwa siku hiyo, kwa pembe na mwanga unaokaribiana, na hata yeye atawaambia kama haiwezekani. Ikiwa picha ni ya marehemu na ni ya pekee, msiijaribie kabisa. Toeni nakala na mumpe yeye nakala hiyo.

Ikiwa mtu atawaletea picha ya cheti, kitambulisho, risiti au barua yenye muhuri na kuomba jina, alama au tarehe iondolewe, kataeni hata kama anayeomba ni rafiki au mtu mzima mnayemheshimu, na mwelezeni mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo. Kubadilisha hati ili idanganye ni kughushi, na kughushi ni kosa la jinai. Cheti chenye makosa hurekebishwa na ofisi iliyokitoa. Picha inayoweza kuwa ushahidi, kwa mfano ya ajali au ya kitu kilichoibiwa, nayo isiguswe hata kwa kuondoa vumbi. Ikabidhiwe kwa wanaochunguza ikiwa kama ilivyotoka kwenye kamera.